Vipimo Vitano vya Damu, na Yaliyojificha Kati Yake

Mtu aliyejitolea kwa utafiti wa dawa amelala kitandani, mrija mwembamba umechomekwa kwenye mshipa wa mkono wake. Saa sifuri anadungwa dawa kwenye mshipa wa mkono wa pili. Kisha, kila baada ya saa mbili, muuguzi anavuta damu kidogo, anaitia kwenye kichupa, anaandika saa. Jioni maabara inatoa jedwali fupi. Tuseme, kwa mfano wetu, limesomeka hivi:

| Saa tangu sindano | 0 | 2 | 4 | 6 | 8 |
|---|---|---|---|---|---|
| Dawa katika damu (miligramu kwa lita) | 16.0 | 11.3 | 8.0 | 5.7 | 4.0 |

Namba hizi nimezitunga mimi, lakini nimezitunga zifanane na dawa inayopungua nusu kila baada ya saa 4, na dawa za namna hiyo ni nyingi.

Anayesubiri matokeo hana haja kubwa na kipimo kimoja kimoja. Anataka kujua mwili umekutana na dawa kiasi gani kwa jumla katika saa hizo nane, yaani kiwango kilichokuwamo na muda kilichokaa. Ukichora grafu, saa zikiwa chini na kiwango kikiwa wima, jumla hiyo ni eneo lililo chini ya mstari. Wafamasia wa utafiti huliita AUC, na uamuzi mwingi unalitegemea. Kiwanda kinapoomba kuuza dawa ya nakala baada ya hataza ya dawa ya mwanzo kuisha, mamlaka za dawa, ikiwamo TMDA ya Tanzania, hutaka ushahidi kwamba nakala inaingia mwilini sawasawa na ile ya asili. Kipimo kikuu ni uwiano wa maeneo hayo mawili. Uwiano huo, pamoja na shaka yake ya kitakwimu, unatakiwa uwe kati ya asilimia 80 na 125.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu mstari wenyewe hatunao. Tuna nukta tano tu. Dawa ilifanya nini saa moja na nusu baada ya sindano? Hakuna aliyepima. Na huwezi kumtoboa mtu kila dakika ili umridhishe mwanahisabati.

Njia ya kwanza inayomjia yeyote mwenye rula ni kuunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka. Kila kipande cha saa mbili kinakuwa trapeza: pande mbili wima zenye urefu tofauti, na kichwa kilicholala mshazari. Eneo lake ni wastani wa pande hizo mbili mara upana. Ukijumlisha trapeza zote nne, kila kipimo cha ndani kinahesabiwa mara mbili kwa nusunusu, kwa hiyo kinaingia kizima, na vile vya pembeni vinaingia nusu:

```
T = 2 × (16.0/2 + 11.3 + 8.0 + 5.7 + 4.0/2) = 70.0
```

Kanuni hii ni kongwe mno. Mwaka 2016 mwanahistoria wa sayansi Mathieu Ossendrijver alionyesha katika jarida la Science kwamba wanajimu wa Babeli, karne kadhaa kabla ya Kristo, waliitumia kwenye mabamba ya udongo kukokotoa mwendo wa sayari ya Mshtarii. Walichukua kwamba kasi yake inashuka sawasawa kwa siku 60, kutoka dakika 12 za nyuzi kwa siku hadi dakika 9.5, wakapata umbali wa nyuzi 10 na dakika 45. Kwa Wababeli jibu la trapeza halikuwa na kosa lolote, kwa sababu walishaamua kwamba kasi inashuka kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1994 mtafiti Mary Tai alichapisha katika jarida la Diabetes Care njia ya kupata eneo chini ya grafu ya sukari kwenye damu, akaiita modeli. Barua za wasomaji zilifuata upesi kueleza kwamba modeli hiyo ni kanuni ya trapeza. Watu hucheka wakisikia kisa hiki. Mimi kinanivutia kwa jambo jingine: kujumlisha trapeza hakumshindi mtu, hata asipofundishwa. Kazi iko kwenye kueleza jibu lake limekosea kwa kiasi gani.

Tuangalie umbo. Mwili hauondoi dawa kwa kiasi kilekile kila saa. Kwa dawa nyingi unaondoa sehemu ya kile kilichopo. Dawa ikiwa nyingi inashuka haraka, ikiwa kidogo inashuka polepole. Mstari wa kweli kwa hiyo unaning'inia kama kamba iliyolegea kati ya miti miwili, na rula inayounganisha ncha mbili za kamba hiyo daima inapita juu yake. Kila trapeza imezidi kidogo. Bila kujua chochote zaidi ya umbo hilo, tayari tunaweza kusema eneo la kweli haliwezi kuzidi 70.0.

Sasa tunataka kikomo cha chini, na hapa ndipo kanuni ya katikati inapoingia. Badala ya kuangalia ncha mbili za kipande, unaangalia kiwango cha katikati yake na kukichukua kana kwamba kilidumu kipande kizima. Unapata mstatili. Kwa jedwali letu vipimo vya katikati lazima viwe vile tulivyo navyo, kwa hiyo vipande vinakuwa vya saa nne: cha kwanza kutoka 0 hadi 4, katikati yake ni saa 2, cha pili kutoka 4 hadi 8, katikati yake ni saa 6.

```
M = 4 × (11.3 + 5.7) = 68.0
```

Kwa nini mstatili huu upungue? Chora mstari ulionyooka unaogusa kamba pale katikati tu, ukiwa na mteremko uleule wa kamba mahali hapo. Eneo chini ya mstari huo ni sawa kabisa na la mstatili, kwa sababu kinachoongezeka upande mmoja kinapungua upande wa pili. Lakini mstari unaoigusa kamba inayoning'inia unapita chini ya kamba kila mahali isipokuwa pale unapoigusa. Mstatili kwa hiyo umepungua.

Tumepata kitu ambacho trapeza peke yake isingetupa. Eneo la kweli liko kati ya 68.0 na 70.0, na hilo ni hakika maadamu mstari unaning'inia muda wote na vipimo vyenyewe ni sahihi. Kwa kuwa mfano ni wangu, naweza kufunua siri: mstari nilioutumia kutunga jedwali una eneo la 69.25. Limo ndani.

Wanaosoma hisabati chuoni hufundishwa njia nyingine ya kupata upeo wa kosa, nayo inatumia herufi moja, K. Hiyo ni kiasi ambacho kupinda kwa mstari hakukizidi popote. Kupinda hapa maana yake ni kasi ya mteremko wenyewe kubadilika. Mstari ulionyooka haupindi, K yake ni sifuri, na ndiyo maana Wababeli hawakuwa na kosa. Ikiwa upana wa kipande ni h na muda mzima ni L, kosa haliwezi kuzidi:

```
trapeza:  K × L × h² / 12
katikati: K × L × h² / 24
```

Kutokana na mistari hii miwili vitabu husema kanuni ya katikati ni bora mara mbili kuliko trapeza. Kwa anayeweza kupima popote apendapo, ni kweli. Kwa mwenye jedwali inampotosha. Sisi tulilazimika kufanya vipande vya katikati viwe vya saa nne ilhali vya trapeza ni vya saa mbili. Upana ukizidi mara mbili, h² inazidi mara nne, na upeo wa kosa la katikati unageuka kuwa mara mbili ya ule wa trapeza. Kwa jedwali lilelile trapeza ndiyo yenye upeo mdogo. Kanuni ya katikati tunaitaka kwa sababu inakosea upande wa pili.

Haya, K tunaitoa wapi? Wengi huirudia jedwali. Wanachukua vipimo vitatu vinavyofuatana, wanajumlisha cha kwanza na cha tatu, wanatoa mara mbili ya kile cha kati, kisha wanagawanya kwa h². Kwa vipimo vyetu vitatu vya mwanzo ni 16.0 + 8.0 − 22.6, yaani 1.4, na ukigawanya kwa 4 unapata 0.35. Vitatu vya kati vinatoa 0.25, na vya mwisho 0.15. Kubwa kuliko zote ni 0.35, basi wanaandika K = 0.35 na kuendelea.

Hapo wamevuka mpaka bila kujua. Kuna nadharia inayohakikisha kwamba mahali fulani kati ya saa 0 na saa 4 kupinda kulikuwa 0.35 barabara. Haisemi kwamba hakukuzidi hapo. Jedwali linaweza kukuambia kupinda kumefika angalau kiasi fulani, lakini haliwezi kukuambia kumeishia wapi. Kwenye mfano wetu, kupinda pale saa sifuri ni 0.48, zaidi ya namba yoyote iliyotoka kwenye jedwali.

K halali lazima itoke nje ya jedwali, kwa mtu anayeijua dawa. Ikiwa tafiti za awali zimeonyesha kwamba dawa hii hupungua nusu kila saa 4, kasi ya kuondolewa kwake ni 0.693 ukigawanya kwa 4, yaani 0.173 ya kilichopo kwa saa. Kupinda kwa mstari wa namna hii ni kasi hiyo mara yenyewe, mara kiwango kilichopo: takriban 0.03 mara kiwango. Kiwango kikubwa kabisa ni 16.0, hivyo K ni 0.48. Upeo wa kosa la trapeza unakuwa 0.48 × 8 × 4 / 12, yaani 1.28. Wa katikati unakuwa 2.56. Makosa halisi ni 0.75 na 1.25, yote mawili yamo ndani ya upeo, ila upeo ni mpana.

Unaweza kuubana bila kupima tone jingine. K ya 0.48 ni ya saa sifuri tu; kufikia saa 6 kiwango ni 5.7 na kupinda hakuzidi 0.17. Hakuna sababu ya kukitoza kipande cha mwisho adhabu ya kipande cha kwanza. Ukimpa kila kipande K yake ya mwanzo wa kipande, makosa manne hayazidi 0.32, 0.23, 0.16 na 0.11. Jumla yake ni 0.82. Kwa kuwa tunajua trapeza imezidi, eneo la kweli liko kati ya 69.18 na 70.0. Kutoka pengo la 2.0 tumefika pengo la 0.82, kwa jedwali lilelile la vipimo vitano.

Lakini angalia tulichokiegemea. Muda wa kupungua nusu haulingani kwa watu wote. Kama kwa dawa hii unatofautiana kati ya saa 3 na 5, lazima uchukue ule wa 3, kwa sababu dawa inayoondoka haraka inapinda zaidi. K inapanda hadi 0.85 na upeo wa trapeza unafika karibu 2.3. Na kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Dawa nyingi zikidungwa mshipani hushuka kwa awamu mbili: kwanza haraka sana, zinapotoka kwenye damu kuingia kwenye viungo, kisha polepole, mwili unapoziondoa. Muda wa kupungua nusu unaoandikwa kwenye vitabu kwa kawaida ni wa awamu ya pili. Ukiutumia kupata K ya dakika za mwanzo umedanganyika, na upeo wako si upeo tena.

Cha kupendeza ni kwamba lile bano la kwanza, 68.0 hadi 70.0, linastahimili jambo hilo. Ukijumlisha mistari miwili inayoning'inia unapata mstari unaoning'inia. Bano halikuuliza K ni ngapi, liliuliza umbo tu. Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua, naamini zaidi hoja ya umbo, hata kama namba inayotoka ni pana.

Kuna njia ya kupima kama kanuni inafanya kazi kwenye jedwali ulilo nalo. Kokotoa trapeza mara tatu, kila mara kwa vipande vyembamba zaidi. Kwa kipande kimoja cha saa nane, ukitumia ncha mbili tu, unapata 80.0. Kwa viwili vya saa nne, 72.0. Kwa vinne vya saa mbili, 70.0. Jibu limeshuka 8.0, kisha 2.0. Tofauti imepungua mara nne, na ndivyo h² inavyotabiri upana unapokatwa nusu. Mwenendo ukiendelea hivyo, kosa lililobaki ni kama theluthi ya tofauti ya mwisho, karibu 0.67, na makisio bora ni 69.33. Hilo ni karibu sana na 69.25. Wahandisi hulifikia jibu hilohilo kwa kanuni ya Simpson, ambayo hapa ni mara mbili ya M jumlisha trapeza ya saa nne, yote kugawanya kwa 3.

Uwiano ukitoka mbali na 4, kwa mfano 1.5, au tofauti zikibadilisha ishara, ujue kuna kitu kinatokea kati ya vipimo. Lakini uwiano mzuri si uthibitisho, maana nao umetoka kwenye jedwali lilelile.

Dawa ya kumeza inaonyesha hilo waziwazi. Kidonge kinayeyuka tumboni, kiwango katika damu kinapanda, kinafika kilele, ndipo kinashuka. Tuseme umepima saa 0 na saa 2, ukapata 0 na 8. Trapeza ya kipande hicho ni 8. Sasa ongeza kipimo kimoja cha saa 1, kisome 12. Trapeza mbili zinatoa 6 na 10, jumla 16. Eneo limekuwa maradufu, na ndani ya vile vipimo viwili vya mwanzo hamkuwa na dalili hata moja. Karibu na kilele mstari haning'inii, umebinuka juu. Trapeza inapungua badala ya kuzidi, na bano lililotufaa kwenye sindano halifai tena. Ndiyo sababu ratiba nzuri za utafiti huvuta damu mara kwa mara karibu na muda ambao kilele kinatarajiwa, kisha huachanisha vipimo baadaye. Upana ukishakuwa tofauti, kanuni ya katikati inakuwa ngumu kuitumia, kwa kuwa hakuna kipimo kilichoangukia katikati. Wengi hubaki na trapeza kwenye kupanda. Kwenye kushuka hubadilisha kichwa kilichonyooka kwa mstari wa logi, ambao kwa dawa inayoondoka kwa sehemu ya kilichopo hauachi kosa.

Halafu kuna kosa la vipimo vyenyewe. Ikiwa kila namba kwenye jedwali inaweza kupotoka 0.1, katika hali mbaya kabisa eneo linapotoka 0.1 mara saa 8, yaani 0.8. Hiyo inalingana na kosa lote la trapeza tulilohangaika nalo, na vipande vyembamba haviiondoi. Miongozo ya kimataifa ya maabara za namna hii huruhusu kipimo kupotoka hadi asilimia 15. Mbele ya hilo, kosa la trapeza la takriban asilimia 1 ni dogo. Tena, kwa dawa ya nakala na ya asili zilizopimwa saa zilezile, trapeza inazidisha maeneo yote mawili kwa upande mmoja, na kwenye uwiano sehemu kubwa ya kosa inafutana.

Pengo kubwa la jedwali letu, hata hivyo, liko nje ya trapeza zote. Saa 8 dawa ilikuwa bado 4.0, na iliendelea kuwamo mwilini baada ya muuguzi kuchomoa mrija. Eneo la mkia huo hukadiriwa kwa kugawanya kipimo cha mwisho kwa kasi ya kuondolewa: 4.0 kwa 0.173, karibu 23. Ukiujumlisha na 69 unapata kama 92, maana yake robo nzima ya eneo haikupimwa. Mwongozo wa Ulaya hutaka sehemu iliyopimwa ifike angalau asilimia 80 ya eneo lote. Utafiti wetu wa kubuni ungerudishwa, na tiba yake ni kipimo kimoja cha saa 12, ambapo dawa ingesomeka karibu 2.0 na mkia ungebaki na takriban sehemu moja ya nane.